Nimeshajificha, Mbona Nimekufa? Tiki za Seva na Hesabu ya Risasi

Pita usiku kwenye korido ya hosteli yoyote ambako watu wanacheza Counter-Strike, hutakaa dakika kumi bila kusikia moja ya kesi hizi mbili. Ya kwanza: "Oya, nilikuwa nimeshaingia nyuma ya ukuta, kaniuaje?" Ya pili: "Nimempiga tatu, damu nimeiona, ati nimemtoa sifuri!" Na hukumu siku zote ni moja: tikireti mbovu. Seva ni ya 64, ingekuwa 128 mambo yangekuwa safi.

Mimi nasoma kompyuta, na kwa mihula miwili sasa ndiye ninayewasha seva ya mashindano ya gemu hapa chuoni, kwa hiyo kesi hizi zote huishia mezani kwangu. Nataka nieleze tiki ni kitu gani hasa, inaingiaje kwenye kuhesabiwa kwa risasi, na kwa nini kwa mtu anayecheza akiwa Dar es Salaam tiki mara nyingi ni mshtakiwa asiye sahihi. Mwisho utapata hesabu moja fupi unayoweza kuifanya kichwani.

Tuanze na seva. Ukicheza mtandaoni, gemu halisi haiko kwenye laptopu yako. Iko kwenye seva, na wewe unaangalia nakala yake. Seva ndiyo inayojua nani yuko wapi, nani ana damu kiasi gani, na nani amekufa. Lakini seva haiendeshi dunia hiyo mfululizo kama maji ya bomba. Inaiendesha kwa hatua. Inakusanya amri zote zilizofika kutoka kwa wachezaji, inasogeza kila mtu kidogo, inakagua risasi, inamtumia kila mchezaji taarifa mpya, kisha inasubiri hatua inayofuata. Hatua moja ndiyo tiki, kama mshale wa saa ya ukutani unavyoruka kutoka alama hadi alama bila kusimama katikati.

Tikireti basi ni idadi ya hatua hizo kwa sekunde. Seva ya 64 inapiga hatua 64, yaani moja kila milisekunde 15.6. Seva ya 128, kama za Valorant, inapiga moja kila milisekunde 7.8. Apex Legends, yenye wachezaji 60 kwenye ramani moja, imekuwa ikitumia seva za 20, yaani hatua moja kila milisekunde 50.

Je, hatua moja ni umbali gani? Kwenye Counter-Strike mtu anayekimbia ameshika kisu huenda vizio 250 kwa sekunde, na mwili wake una upana wa vizio 32. Kwa tiki 64, kati ya hatua moja na nyingine anasogea vizio karibu 4, sehemu moja ya nane ya mwili wake. Kwa tiki 128 anasogea vizio 2. Mtu wa kasi hiyo hiyo kwenye seva ya 20 angesogea vizio 12 na nusu, zaidi ya theluthi ya mwili. Kwa hiyo ndiyo, tiki ina maana. Swali ni maana kiasi gani, na hapo lazima tuifuate risasi moja tangu mwanzo.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla hatujaifuata.

La kwanza, unachokiona kwenye skrini yako kuhusu wengine ni cha zamani, na kwa sehemu ni cha zamani kwa makusudi. Taarifa za seva zinakuja kwa hatua. Laptopu yako ikizichora papo hapo zinavyofika, adui atakuwa anarukaruka kama picha zilizobandikwa. Ili aonekane anatembea laini, laptopu inasubiri iwe na taarifa mbili mkononi, halafu inachora safari ya kati yao. Kwenye CS:GO, mpangilio wa kawaida ulikuwa kubaki nyuma kwa tiki mbili. Kwa tiki 64 hiyo ni milisekunde 31. Ulaini wa picha unalipiwa kwa muda.

La pili, seva inajua kwamba unaona ya zamani, na inakufidia. Zamani kwenye gemu nyingi za mtandaoni ilibidi ulenge mbele ya adui kwa kukisia pingi yako. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa Valve alieleza kwa maandishi njia ambayo Half-Life ilitumia kuondoa adha hiyo, na gemu nyingi za risasi zimeifuata. Seva inaweka kumbukumbu ya mahali alipokuwa kila mchezaji katika muda mfupi uliopita. Risasi yako ikifika, seva haiulizi adui yuko wapi sasa hivi. Inarudisha dunia nyuma mpaka wakati ule uliokuwa unauona wewe ulipobofya, inakagua kama mstari wa risasi unagusa mwili, kisha inairudisha dunia mahali pake. Kurudi nyuma kunahesabiwa hivi:

```
muda wa kukagua = muda wa seva - safari za pakiti kwenda na kurudi - ucheleweshaji wa picha
```

Maana yake, ukilenga kichwa unachokiona, umelenga sawasawa. Ni huduma nzuri sana kwa anayepiga. Anayelipa gharama yake ni anayepigwa.

Sasa tuchukue kesi ya ukuta. Wachezaji wawili, kila mmoja ana pingi ya 80, yaani pakiti inatumia milisekunde 40 kwenda kwa seva na 40 kurudi. Seva ni ya 64. Mmoja anakimbia kuingia nyuma ya kona, mwingine amemlenga. Tuiite sifuri ile nukta ambapo mkimbiaji, kwenye skrini yake mwenyewe, ameshafichika mwili mzima.

Habari ya kufichika kwake inafika kwa seva kwenye milisekunde ya 40. Seva haiishughulikii papo hapo, inangoja tiki. Pengine itangoja kidogo sana, pengine karibu tiki nzima, kwa wastani nusu tiki, tuseme 8. Tuko kwenye 48. Seva inamtumia mpigaji taarifa, inafika kwenye 88. Laptopu ya mpigaji inaichelewesha 31 kwa ajili ya ulaini wa picha. Kwa hiyo ni kwenye milisekunde ya 119 ndipo mpigaji anapomwona mwenzake amepotea nyuma ya kona. Kabla ya hapo bado anaona bega.

Mpigaji anabofya kwenye 118, nukta moja tu kabla bega halijapotea. Risasi inafika kwa seva kwenye 158, inangoja nusu tiki, inakaguliwa kwenye 166. Seva inarudisha dunia nyuma mpaka kile ambacho mpigaji alikuwa anakiona, yaani hali ya seva kwenye milisekunde ya 47. Inakuta kweli, kwenye 47 mkimbiaji alikuwa bado hajamaliza kufichika. Risasi imegusa. Taarifa ya kifo inarudi kwa mkimbiaji na kufika kwenye 206.

Piga picha upande wake. Kwenye skrini yake alishafichika milisekunde 206 zilizopita, na katika muda huo, kwa kasi ya vizio 250, amekimbia vizio 51 ndani ya ukuta, zaidi ya upana wa mwili wake mara moja na nusu. Anakufa akiwa salama kabisa. Anapiga meza. Lakini hakuna aliyedanganya na hakuna kilichoharibika. Mpigaji alipiga bega aliloliona, seva ilihukumu kwa haki kama ilivyopangwa, na mkimbiaji alikuwa kweli amejificha, kwenye saa yake.

Ukizikusanya zile namba utaona kitu kizuri. Safari nne za pakiti ni pingi ya mkimbiaji jumlisha pingi ya mpigaji. Kungoja kwa nusu tiki mara mbili ni tiki moja, na kuchelewesha picha ni tiki mbili. Jumla tiki tatu. Kwa hiyo:

```
muda wa kufa nyuma ya ukuta = pingi yako + pingi ya mpigaji + tiki 3
```

Ni makadirio, maana nimeacha muda wa skrini na mausi, na si kila gemu inachelewesha picha kwa tiki mbili kamili. Lakini inatosha kuamua kesi nyingi za korido. Kwa mfano wetu: 80 jumlisha 80 jumlisha 47, unapata 207, tofauti ya moja na hesabu ya juu ikitokana na mpigaji kubofya nukta moja kabla bega halijapotea.

Sasa badilisha tiki peke yake. Seva ikiwa ya 128, tiki tatu ni milisekunde 23, jumla inakuwa 183. Umeokoa 24, ambazo kwa mkimbiaji wetu ni vizio 6. Bado anakufa ndani kabisa ya ukuta. Seva ikiwa ya 20, tiki tatu ni 150, jumla 310; hapo kweli tiki inauma, na ndiyo sababu vifo vya nyuma ya ukuta vinalalamikiwa zaidi kwenye gemu za aina hiyo. Halafu rudi kwenye 64 na ubadilishe pingi: kila mmoja awe na 20 badala ya 80. Jumla ni 87. Umeokoa 120, mara tano ya ulichookoa kwa kutoka 64 kwenda 128.

Na angalia jambo ambalo watu hulisahau: pingi ya mpigaji imo kwenye hesabu ya kifo chako. Unaweza kuwa na intaneti ya kupendeza, lakini ukikutana na mtu mwenye pingi ya 180, atakutoa kwenye zamani yake, si kwenye sasa yako.

Hapa ndipo jiografia inaingia. Seva rasmi za Counter-Strike zilizo karibu na sisi ziko Johannesburg, Dubai na Mumbai. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri kilometa kama 200 kwa kila milisekunde, kwa hiyo kila kilometa 100 za njia zinakuongezea milisekunde 1 ya pingi, kwenda na kurudi. Kutoka Dar hadi Johannesburg ni kama kilometa 2,500 ukipima kwa rula kwenye ramani, lakini kebo za SEACOM na EASSy hazipiti kwa rula. Zinafuata bahari ya pwani hadi Mtunzini, Afrika Kusini, ndipo data ipande bara. Ongeza mitambo ya njiani na mtandao wa simu au waifai ya hosteli. Kwa hiyo hakuna bando litakalokupa pingi ya 10 kutoka hapa. Bando kubwa linakupa ujazo, na gemu ya risasi haitumii ujazo mwingi. Inachotaka ni pakiti ndogo zifike haraka na kwa mpangilio. Nimeona watu wakichangishana hela ya kifurushi kikubwa zaidi usiku wa mechi, halafu pingi ikabaki pale pale.

Je, tiki haina kazi basi? Ina kazi kubwa pale pingi inapokuwa ndogo. Chukua mashindano yetu ya ukumbini, seva ikiwa humo humo na kila mtu amechomekwa kwa waya. Pingi ni 2 kwa kila mmoja. Kwa tiki 64 jumla ni 51. Kwa 128 ni 27. Hapo tiki imekata muda karibu nusu, na mtu mwenye mkono mzuri ataihisi. Ndiyo maana wachezaji wa miji yenye seva mlangoni walilipigania sana suala la 128 enzi za CS:GO, wakati seva za Valve zilikuwa 64 na za FACEIT zilikuwa 128. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Sisi tuliyachukua mazima mazima bila kuangalia kwamba kwetu namba kubwa iko upande mwingine wa hesabu.

Ukiuliza kwa nini basi kila seva isiwe 128, jibu ni gharama. Kwa tiki 128, seva lazima imalize kazi yote ya hatua moja ndani ya milisekunde 7.8. Riot, wenye Valorant, walitaka kiini kimoja cha prosesa kiendeshe mechi tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila hatua ilibidi iishe ndani ya 2.6 hivi. Seva isipomaliza kwa wakati, namba iliyoandikwa ni ya urembo tu: hatua zinachelewa na gemu inakwama kwa wote. Seva ya 64 iliyotulia ni bora kuliko ya 128 inayohema.

Kuna sehemu nyingine ambako tiki inagusa risasi: wakati wa kubofya. Kwenye CS:GO, ukibofya katikati ya tiki mbili, bofyo lako lilisubiri tiki inayofuata ndipo lihesabiwe. Kwa 64 kosa hilo liliweza kufika karibu milisekunde 15, yaani vizio 4 kwa mtu anayekukatiza mbele akikimbia. Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, ilishughulikia hilo kwa njia tofauti. Seva imebaki 64, lakini kila amri inakwenda na muhuri wa wakati halisi ulipobofya, hata kama ni katikati ya tiki, na seva inahukumu kwa wakati huo. Usahihi wa bofyo umepanda, ila kungoja hakujaondoka: habari bado inatoka kwa seva mara 64 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta utaendelea kukusaliti kama kawaida. Na mkiwasha seva yenu wenyewe ya CS2 hamuwezi kuipandisha iwe 128. Amri ya zamani ya `-tickrate 128` ilikuwa ya CS:GO.

Sasa ile kesi ya pili, damu imeonekana na hajaumia. Usikimbilie tiki. Damu unayoiona inaweza kuwa imechorwa na laptopu yako kabla seva haijasema chochote, kwa kukisia kwamba umempata. Seva inaweza kukataa kwa sababu kama mbili za kawaida. Moja, pakiti yako imepotea njiani, jambo la kila siku kwenye waifai iliyobanwa na watu arobaini. Mbili, ulikuwa umeshakufa kwa seva: risasi ya adui ilikaguliwa kwanza, na bofyo lako likafika likiwa la marehemu.

Jinsi ya kutofautisha: kwenye CS:GO tuliandika `net_graph 1` na kusoma mistari ya chini ya skrini. `loss` ikipanda, pakiti zinapotea, tatizo liko kwenye njia. `choke` ikipanda, seva ina taarifa lakini imezizuia. Namba ya `sv` ikipanda au kuyumba, seva yenyewe imechoka. CS2 inaonyesha pingi na matatizo ya pakiti kupitia mipangilio ya gemu. Na kama mnataka kuona kwa macho, washeni seva yenu ya mazoezi kwenye CS:GO muandike:

```
sv_cheats 1
sv_showimpacts 1
```

Alama nyekundu ni mahali laptopu yako inapodhani risasi imetua, za bluu ni mahali seva inaposema imetua. Kaa, simama wima, piga ukutani. Halafu piga huku unakimbia. Wengi watagundua kwamba zile "risasi zisizohesabiwa" zilikuwa zimetawanyika tu kwa sababu ya kupiga wakiwa mbioni, na nyekundu na bluu zimekaa pamoja zikicheka.

Jambo la mwisho ni la sisi waamuzi wa mashindano. Timu ikishindwa raundi kwa kifo cha nyuma ya ukuta, huja na marudio: "Ref, angalia mwenyewe, risasi haikumgusa!" Na kweli, kwenye marudio haijamgusa. Lakini marudio ya seva yanaonyesha saa ya seva, wakati risasi ilihukumiwa kwa kile mpigaji alichokiona kabla. Tofauti hiyo ndiyo ile ile ya kurudisha dunia nyuma. Kwa hiyo marudio hayawezi kufuta kifo, na muhula huu sitayapokea kama ushahidi wa risasi. Nitakachokagua ni pingi za pande zote mbili na upotevu wa pakiti, na mechi zote zitachezwa kwa waya, ukumbini. Timu moja ikiwa kwenye waya na nyingine kwenye waifai ya korido, hesabu yetu ya juu inasema wote wawili watakufa nyuma ya ukuta, hata yule aliyejipanga.